Neno moja, bidha moja: namna tunavyoandika matangazo yetu kwa luga tatu
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanamemba)



Mnakumbuka ile hasara ya bidoni 20. Mteja mwenye kutengeneza sabuni alisoma tangazo letu la Kifaransa: huile de palmiste. Akalipa. Sisi tukamtumia mawese, juu tangazo la Kiswahili lilisema mawese. Palmiste ni mafuta ya kokwa, yale watu wa Kigoma wanaitaka mise, na ndiyo yanafanya sabuni itoe povu mingi. Mawese ni yale mekundu ya nyama ya tunda. Bidoni zikarudi, na transpori tukalipa sisi.

Kosa halikuwa la mtu mmoja. Tuko na bidhaa 40 na luga tatu, ni matangazo 120, na kila mtu alikuwa anatafsiri kwa kichwa chake. Mmoja aliandika ndagala, mwingine dagaa, na mteja akafikiri ni samaki wawili.

Sasa tunafanya hivi. Katika Ekseli tuko na karatasi moja inaitwa Maneno. Kila bidhaa iko na mstari wake: kwanza alama, kisha jina la Kiswahili, la Kifaransa, na la Kiingereza. MAF1 ni mafuta ya mawese, huile de palme, palm oil. MAF2 ni mafuta ya mise, huile de palmiste, palm kernel oil. Mwenye kuandaa tangazo anaandika alama tu, pamoja na kipimo na bei. Jina la Kifaransa linakuja lenyewe:

```
=RECHERCHEV(A2;Maneno!A:D;3;FAUX)
```

Ile 3 ni kolone ya Kifaransa. FAUX musiiondoe: inadai alama ile ile kabisa. Bila hiyo, mashine inaweza kuleta jina la bidhaa nyingine na usijue. Ukikosea alama, utaona #N/A, na hiyo ni vizuri. Tangazo lenye shimo halitoki.

Jambo lingine tulijifunza kwa kukosea. Mwanzo tuliweka neno «kavu» peke yake, likatoka «dagaa kavu» na «maharage kavu». Kiswahili kinasema dagaa wakavu, maharage makavu; Kifaransa nacho kinabadilisha mwisho wa neno. Kwa hiyo katika Maneno tunaandika jina zima, pamoja na sifa yake.

Lakini mujue, mstari wenye kosa unapeleka kosa katika matangazo yote mara moja. Ndiyo maana kila mstari mpya unasomwa na watu wawili: mmoja anayejua luga, na mmoja anayeuza ile bidhaa. Na ukiona kosa katika tangazo, usilitengeneze pale. Rudi kwa Maneno.