Jua, Mfuko wa Plastiki na Simu ya Mwendeshaji Boda Boda: Mada kwa Semina ya Waendeshaji, Kapsokwony

Maana ya boda boda haihitaji kuelezwa kwa watu walio umbali mfupi kutoka mpaka wa Busia, ambako jina lenyewe lilizaliwa kwenye baiskeli za kuvusha abiria. Simu ya kazi nayo mnaijua: ionyeshe njia, isikike pikipiki ikinguruma, na istahimili joto. Kuhusu njia, nitasema mawili tu. Kwanza, kipokezi cha GPS hakihitaji bando, kwa hiyo ramani ikipakuliwa mapema itafanya kazi hata mtandao ukikatika huko juu kuelekea Kaptama. Pili, simu nyingi za bei nafuu hazina dira ndani yake. Ukisimama kwenye njia panda, mshale huyumba au huelekea kusiko, kisha hujirekebisha ukisogea mita chache. Kabla ya kulipa, fungua ramani, simama mahali pamoja, igeuze simu taratibu, uone kama mshale unageuka nayo.

Sasa nije kwenye joto, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo ushauri unaotolewa madukani huwa nusu. Muuzaji husema simu fulani "inavumilia joto" kana kwamba adui ni hewa. Watengenezaji kadhaa huandika kwamba simu zao zimekusudiwa kutumika hewa isipozidi nyuzi 35. Hewa ya Kapsokwony haifiki huko, na hata ya mji wa Bungoma, ulioko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, siku nyingi haifiki. Kama hewa ndiyo ingekuwa chanzo, simu za mlimani zisingezimika saa saba mchana zikiwa kwenye usukani. Chanzo ni jua linaloipiga simu moja kwa moja, na hesabu yake ni fupi. Jua la mchana, anga ikiwa safi, humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Simu 80 hivi za ukubwa wa kawaida zikipangwa bila nafasi hujaza mita hiyo moja. Kila simu basi inaangukiwa na wati 12 hivi, na kwa kuwa kioo chake cha mbele ni cheusi, sehemu kubwa inanyonywa. Simu yenyewe ikiongoza njia, skrini ikiwa imewashwa kabisa, hutumia kama wati 3. Maana yake jua pekee linaweza kuipa simu joto mara mbili au tatu ya lile inalojitengenezea kwa kufanya kazi. Rangi ya mgongo wake haibadilishi kitu, maana jua linapiga mbele.

Mwendo wa pikipiki huokoa kiasi, kwa sababu upepo hulichukua joto hilo. Lakini tunauzuia upepo huo kwa mikono yetu wenyewe tunapoitia simu kwenye mfuko wa plastiki angavu wa kuzuia mvua. Mkulima wa nyanya anayelima ndani ya nyumba ya plastiki anaijua kanuni hii vizuri: mwanga unaingia, hewa haizunguki, joto linabaki. Mfuko ule ni nyumba ya nyanya iliyofungwa kwenye usukani. Ongezeni chaja iliyounganishwa na betri ya pikipiki, ambayo huipasha betri ya simu wakati huohuo. Mchukueni mwendeshaji anayeshuka kutoka Kapsokwony kupitia Kimilili hadi Bungoma mchana. Akiwa mwendoni, simu inapata nafuu. Akisimama Kimilili kungoja mteja juani, upepo unakoma na wati zile 12 zinaendelea. Dalili huja kwa mpangilio: skrini hufifia yenyewe ingawa mwanga umewekwa juu kabisa, halafu chaja imechomekwa lakini asilimia haipandi, kwa sababu simu nyingi husitisha kuchaji betri inapokaribia nyuzi 45, kisha mshale wa ramani huchelewa nyuma ya pikipiki, mwisho simu hutoa onyo au hujizima. Mwendeshaji huenda kwa fundi akisema skrini imeharibika. Skrini ni nzima, simu inajikinga. Kinachoharibika polepole ni betri, na mgongo wa simu ukianza kuinuka, betri imevimba na simu haifai tena kuchajiwa wala kubebwa mfukoni.

Wapo watakaosema dawa ni kununua simu nzito ya kazi ngumu, yenye kava nene la mpira na isiyoingiza maji. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli: simu hiyo haihitaji mfuko, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kuzuia maji si kuzuia joto, na mpira mnene hulishikilia joto ndani. Wengine watauliza mvua ya Elgon itafanywaje bila mfuko. Mvua inaponyesha hakuna jua kali, kwa hiyo mfuko utumike wakati huo na uvuliwe mvua ikikatika. Kosa ni kuuacha siku nzima. Na wapo wanaoona ni heri simu ikae mfuko wa kifuani, imwongoze mwendeshaji kwa sauti. Hao wako karibu zaidi na ukweli, na ndiyo sababu naiweka spika mbele ya kamera na mbele ya ukubwa wa skrini. Kifuani hakuna jua, wala mtikisiko wa injini, ambao Apple ilionya mwaka 2021 kwamba unaweza kuharibu kamera za baadhi ya simu zake. Ila tundu la spika lielekee juu, kwa hiyo simu iingizwe kichwa chini, na sauti isikilizwe mwendo ukiwa mdogo karibu na njia panda. Kwa kasi kubwa, upepo kwenye helmeti hufunika karibu spika yoyote ya simu.

Mada hii haina mamlaka ya kutaja kampuni ya kununua, na nisingependa ichukuliwe hivyo. Napendekeza simu ijaribiwe nje ya duka, pikipiki ikinguruma, spika ikiwa mfukoni. Napendekeza ijaribiwe dakika 20, ramani ikiongoza, mwanga juu kabisa, chaja imechomekwa. Skrini ikififia hata kivulini, simu hiyo iachwe. Kwenye baadhi ya simu za Android, kubonyeza `*#*#4636#*#*` huonyesha joto la betri, na kiwango hicho kiandikwe kabla na baada. Betri kubwa ipewe uzito kuliko chaja ya haraka, ili simu ichajiwe usiku na isichajiwe juani. Holda iwe wazi mgongoni, na iwe na kofia ndogo ya kivuli, hata ya kadibodi. Narudia kuhusu mfuko: uvuliwe mvua ikikatika. Viongozi wa steji waombe kivuli pale waendeshaji wanapongojea, kwa kuwa simu huzimika zaidi pikipiki ikiwa imesimama. Matundu ya spika yasafishwe vumbi kwa brashi laini kavu, si kwa sindano. Na anayenunua kwa mkopo wa kila siku, kama ule wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanzishwa na Safaricom na Google Julai 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, aulize kwanza kama dhamana inahusu betri iliyovimba, kwa sababu deni haliishi simu inapokufa.