Robo Saa Baada ya Kila Msailiwa

Msikilizaji, unapangia jopo ratiba ya usaili wa siku moja? Usiwafuatanishe wasailiwa bila nafasi. Usaili wa dakika 30 utengee dakika 45. Robo saa inayobaki ni ya kujaza alama wakati majibu yangali kichwani, na kufidia dakika zilizozidi.

Anza saa tatu asubuhi. Wa pili aingie saa nne kasorobo, wa tatu saa nne na nusu. Saa tano na robo, chai ya nusu saa. Mkichelewa, punguzeni chai, si maswali ya anayefuata. Naye anastahili muda uleule.

Narudia: acha robo saa baada ya kila msailiwa. Na kila mmoja mwite kwa saa yake, asishinde kwenye benchi tangu asubuhi.