Kwa nini kasi ya e^x ni e^x yenyewe: hoja kutoka kwenye kikomo
Mada kwa semina ya walimu wa hisabati, Kigali

Ndugu walimu, wanafunzi wengi wanaikariri kanuni hii bila kuona inakotoka. Tuanze na kizio chochote a, kisha tutafute kasi ya mabadiliko ya a^x. Tukisogeza x kwa h kidogo, tunapata:

(a^(x+h) − a^x)/h = a^x · (a^h − 1)/h

Hapa ndipo penye uzito wote. Sehemu ya pili haina x ndani yake, kwa hiyo h ikikaribia sifuri inabaki namba moja tu, ambayo ni mteremko wa grafu pale x = 0. Kasi ya a^x ni a^x yenyewe mara namba hiyo. Kwa h = 0.001, kizio 2 kinatoa 0.6934 na kizio 3 kinatoa 1.0992. Basi kati ya 2 na 3 kuna kizio kinachotoa 1 kamili, nacho ni e.

Lakini tunajuaje kwamba ndiyo ile e ya 2.71828, yaani kikomo cha (1 + 1/n)^n? Tunajua kuwa namba hizo hupanda kuelekea e, na kwamba (1 + 1/(n−1))^n hushuka kuelekea e hiyohiyo. Tukichukua kipeo cha 1/n pande zote:

1 + 1/n < e^(1/n) < 1 + 1/(n−1)

Ondoa 1, kisha zidisha kwa n. Tukiweka h = 1/n, (e^h − 1)/h imebanwa kati ya 1 na n/(n−1). Kwa n = 1000, ukuta wa juu ni 1.001001. Kwa h chanya nyingine, uwiano huo hupungua kadiri h inavyopungua, kwa hiyo hauna pa kutorokea. Kwa h hasi, gawanya kwa e^|h|, ambayo nayo inaelekea 1.

Nawasihi msithibitishe kikomo hiki kwa kanuni ya L'Hôpital, maana inahitaji kasi ya e^x ambayo ndiyo tunayoitafuta. Tena, mwanafunzi akiweka h = 10^(−20), kikokotoo kitaonyesha 0. Kikomo hakijabadilika, kikokotoo kimeisoma e^h kama 1, na tofauti yote imepotea.

Jiji letu linatupa mfano. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,132,686 Kigali, na ya 2022 watu 1,745,555. Tukichukulia ongezeko la mfululizo, P = 1,132,686 · e^(0.0432t), ambapo t ni miaka tangu 2012. Kasi yake ni 0.0432 · P bila kizidisho kingine: karibu watu 49,000 kwa mwaka mwanzoni, na 75,000 mwaka 2022. Tungetumia kizio 2, tungelazimika kubeba ile 0.693 katika kila hatua.