Uvimbe wa Ubongo: Jina Lake, Mahali Pake na Presha Yake

(Matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mabaraza ya afya katika Kaunti ya Machakos)



Mtu anapoambiwa kwamba picha ya kichwa imeonyesha uvimbe kwenye ubongo, swali la kwanza la jamaa zake huwa moja: ni kansa au si kansa? Swali hilo lina maana, lakini halitoshi. Daktari wa ubongo hujiuliza maswali matatu. Uvimbe huu umeota kutoka kwa nini? Umekaa wapi? Na presha ndani ya fuvu imefika wapi? Jibu la kwanza humwambia uvimbe utakavyoendelea, la pili humwambia kwa nini mgonjwa ana dalili hizi na si zile, na la tatu humwambia amebakiwa na muda gani wa kuchukua hatua.

Tuanze na jina. Aina mbili zinazotajwa sana ni glioma na meninjioma. Glioma huota ndani ya ubongo wenyewe, kutoka kwa seli zinazoshikilia na kulisha mishipa ya fahamu. Haina ukingo ulio wazi. Huenea kama nyasi za kutambaa zilizoingia katika shamba la mahindi: ukizing'oa zinazoonekana, mizizi imekwisha kupita chini ya mimea unayotaka kuihifadhi. Ndiyo maana daktari wa upasuaji mara nyingi hutoa sehemu kubwa ya glioma lakini hawezi kuahidi kwamba ameimaliza. Akikata zaidi, atakata pia sehemu inayomwezesha mgonjwa kusema au kutembea.

Meninjioma haitoki ndani ya ubongo. Huota kwenye utando unaoufunika ubongo chini ya mfupa wa fuvu, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Nyingi hukua polepole kwa miaka mingi na haziingii ndani ya ubongo, bali huusukuma, kama jiwe linalobonyeza unga kutoka nje ya gunia. Ikiwa mahali panafikika, daktari anaweza kuitoa yote pamoja na shina lake kwenye utando, na wagonjwa wengi huendelea na maisha yao.

Tofauti hiyo inaonekana kwa watu wawili waliojulikana duniani. Mwigizaji Elizabeth Taylor alitolewa meninjioma Februari 1997. Aliishi miaka 14 zaidi, na alipofariki mwaka 2011 alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Seneta Edward Kennedy wa Marekani, nduguye Rais John Kennedy, alipatwa na degedege mwezi Mei 2008, na madaktari wakapata glioma kali upande wa kushoto wa ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapewa matibabu ya mionzi na dawa, lakini alifariki Agosti 2009, miezi 15 baada ya degedege hilo.

Hata hivyo jina halimalizi habari. Glioma hupangwa kwa madaraja manne. Ya daraja la nne, iitwayo glioblastoma, ndiyo kali zaidi. Ya daraja la kwanza, inayowapata hasa watoto, mara nyingi hupona ikitolewa yote. Meninjioma nayo, ingawa kwa kawaida ni ya upole, ikijibana chini ya ubongo penye mishipa mikubwa ya damu inaweza kuwa haitoleki yote. Na picha ya CT au MRI huonyesha uvimbe ulivyo, lakini neno la mwisho kuhusu jina na daraja hutoka maabara, baada ya kipande cha uvimbe kuangaliwa kwa hadubini.

Sasa mahali. Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake, na uvimbe huharibu kazi ya pale ulipo. Tuchukue mifano miwili ya kubuni, ya mambo ambayo madaktari hukutana nayo.

Wa kwanza ni mama wa miaka 52 mwenye duka huko Mwala. Ana meninjioma kwenye sakafu ya fuvu, juu ya pua. Kitu cha kwanza kupotea ni uwezo wa kunusa: muthokoi unaungua jikoni naye hana habari. Baadaye tabia inabadilika. Aliyekuwa makini kwa hesabu anawakopesha watu bila kuandika, anakaa kimya siku nzima, halafu anacheka matangani. Jamaa wanasema amerogwa, wengine wanasema ni umri. Mwaka wa tatu macho yanaanza kufifia, ananunua miwani mara mbili na haimsaidii. Maumivu ya kichwa yanakuja mwisho kabisa, na picha inaonyesha uvimbe wa ukubwa wa chungwa. Inawezekanaje uvimbe mkubwa hivyo usiumize kwa miaka mitatu? Ni kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni utando na mishipa ya damu inapovutwa, na uvimbe unaokua polepole huupa ubongo nafasi ya kusogea.

Wa pili ni kijana wa bodaboda wa miaka 38 kutoka Masii. Glioma yake si kubwa, lakini imekaa upande wa kushoto, pale panapoongoza mkono wa kulia. Siku moja vidole vya mkono huo vinaanza kurukaruka vyenyewe. Mruko unapanda hadi begani na shavuni, unadumu dakika mbili, kisha mkono unabaki dhaifu kwa saa nzima. Haumwi kichwa hata kidogo. Baada ya wiki chache anaanguka kwa degedege la mwili mzima. Ilivyoanza kidoleni ndiyo habari ambayo daktari anaihitaji zaidi, kwa kuwa inaelekeza moja kwa moja mahali palipo na tatizo. Anayeshuhudia degedege na amkumbuke mgonjwa alianza na upande gani.

Degedege la kwanza kwa mtu mzima halithibitishi uvimbe. Katika nchi yetu mabuu ya tegu wa nguruwe yanaweza kuingia ubongoni na kuleta dalili hizo hizo, na kifua kikuu kinaweza kufanya donge ndani ya ubongo. Yote mawili yana dawa. Hiyo ni sababu nyingine ya kupiga picha badala ya kubahatisha.

Jambo la tatu ni presha, na hapa watu wengi hukosea. Presha inayozungumzwa hapa si ile inayopimwa kwa mkanda mkononi. Ni shinikizo ndani ya fuvu, na mtu anaweza kupimwa mkono akaonekana sawa huku fuvu limejaa.

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka, lenye nafasi ya takriban lita moja na nusu. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, ambao huchukua sehemu 8 kati ya 10, damu, na maji safi yanayouzunguka ubongo. Kikiongezeka kimoja, lazima kingine kipungue. Kanuni hii ilielezwa huko Edinburgh na Alexander Monro mwaka 1783, na George Kellie akaithibitisha takriban miaka arobaini baadaye. Uvimbe unapoanza, maji husukumwa kuelekea uti wa mgongo na damu hupungua kidogo, kwa hiyo presha haipandi na mtu hajisikii mgonjwa. Nafasi hiyo ya akiba ikiisha, kijiko kimoja tu cha ziada hupandisha presha ghafla. Ndiyo maana jamaa husema, "Juzi alikuwa mzima." Hakuwa mzima, akiba ilikuwa haijaisha.

Dalili za presha hazitegemei sana mahali pa uvimbe. Kichwa huuma zaidi alfajiri, kwa sababu mtu amelala chali na wakati wa usingizi mishipa ya damu ya ubongo hutanuka. Hutapika kabla hata ya kula, na akitapika hupata nafuu kidogo. Macho huona giza kwa sekunde chache anapoinama au kusimama. Baadaye husinzia mchana na ni vigumu kumwamsha.

Mahali na presha vinaweza pia kuungana. Ubongo hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kila siku, na hupita katika njia nyembamba sehemu ya nyuma ya kichwa. Mtoto wa miaka 7 mwenye uvimbe mdogo karibu na njia hiyo anaweza kuwa mahututi kabla ya mama wa Mwala kuumwa kichwa, kwa kuwa kwake njia ya maji imezibwa. Mtoto huyo hutapika kila asubuhi, hupata nafuu mchana, kisha huanza kuyumba anapotembea. Hutibiwa minyoo, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo. Mtoto anayetapika asubuhi kwa wiki mbili bila kuhara na bila homa anahitaji kuangaliwa kichwa, si tumbo peke yake.

Kabla ya picha kuna kipimo rahisi. Afisa wa kliniki au muuguzi wa macho anaweza kumulika nyuma ya jicho kwa kifaa maalumu. Presha ikiwa juu, kichwa cha mshipa wa kuona huonekana kimevimba, hata kama mgonjwa bado anaona vizuri. Jicho likionekana sawa, hilo peke yake haliondoi shaka ya uvimbe. Lakini likionekana limevimba, mgonjwa hapaswi kupangiwa mwezi ujao. Presha ikiachwa, upofu unaoletwa nayo mara nyingi haurudi nyuma hata uvimbe ukitolewa.

Mgonjwa wa namna hii hupewa rufaa kutoka kituo cha karibu hadi Hospitali ya Rufaa ya Machakos, na anayehitaji upasuaji mkubwa wa ubongo huweza kupelekwa mbele zaidi, kwa mfano Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Akisubiri, daktari anaweza kumpa deksamethasoni, dawa inayopunguza uvimbe wa maji kuzunguka kidonda. Nafuu huja haraka, wakati mwingine ndani ya siku moja au mbili, na wengine hudhani wamepona wakakatiza safari. Dawa hiyo haitoi uvimbe. Inanunua siku chache tu, na kuiacha ghafla ni hatari.

Anayekwenda kituoni aseme mambo manne: dalili ya kwanza ilikuwa ipi, ilianza lini, ni upande gani wa mwili, na asubuhi huwaje. Kiharusi kwa kawaida huja kwa dakika; udhaifu wa uvimbe huongezeka kwa wiki au miezi. Anayesinzia asiamke vizuri, mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine, au mwenye degedege lisilokoma ndani ya dakika tano, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.