Daktari, Hiyo Simu Inashikwa na Nani?

Nimeombwa niseme juu ya daktari kumwandikia mgonjwa kwa WhatsApp. Nitashika jambo moja: simu ya mgonjwa mara nyingi si yake peke yake.

Watu husema ujumbe wa WhatsApp umefungwa, hakuna wa kuusoma njiani. Ni kweli, tangu 2016. Lakini huku kwetu siri huvuja mwisho wa safari, pale simu inapolia na maneno ya kwanza yanajitokeza kwenye kioo kabla hata haijafunguliwa.

Chukueni mama mmoja aliyepimwa makohozi. Nyumbani kuna simu moja, na mchana inakaa na kijana wake dukani. Daktari anaandika, "Matokeo yametoka, una TB." Mteja aliyeegemea kaunta anasoma. Mama akirudi kutoka shambani, soko lote linajua. Anaona haya, haendi kuchukua dawa, na dawa za TB ya kawaida humezwa miezi 6 bila kukatiza. Hapo nyumba nzima iko hatarini.

Basi daktari aulize siku ile ile ya kupima: "Mama, hii namba ni yako? Nani mwingine anaishika? Nikupigie saa ngapi?" Majibu ayaandike kwenye faili. Matokeo yakitoka, atume tu: "Habari ya leo, mama. Tafadhali nipigie ukipata nafasi." Asitaje ugonjwa wala kipimo. Na jina la akaunti yake lisiwe "Kliniki ya TB", maana hilo nalo linasomwa!

Mama akipiga, daktari asikimbilie kusema. Amuulize kwanza alikuja kliniki siku gani, kwa sababu laini iliyoachwa miezi mingi huuzwa tena kwa mtu mwingine. Akiwa na hakika, amwombe afike. Ni kweli watu wa nyumbani nao lazima wapimwe, lakini wapatane na mama ni nani atawaambia na vipi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hivyo hili si la hiari ya daktari.

Picha nazo zina shida yake. Ukimtumia daktari picha ya kidonda, mara nyingi inajihifadhi yenyewe pamoja na picha zake za harusi, na watoto wake huchezea simu hiyo jioni. Madaktari, kwenye simu nyingi za Android ingieni Settings, kisha Chats, mzime Media visibility. Hiyo huzuia picha zinazokuja baadaye tu. Zile za zamani zifuteni kwa mkono, mkishaandika mlichoona kwenye faili. Nasi wagonjwa tukumbuke, daktari akifuta yake, ile iliyo kwenye simu yetu inabaki.