Kadi Tupu Haifuti Idhini: Malipo Yanayovutwa na Muuzaji

Mada kwa semina ya wafanyabiashara, Kamina

Sisi wa Kamina tumezoea pesa ya simu: hakuna kinachotoka mpaka ubonyeze namba yako ya siri. Kadi ya benki inaweza kwenda kinyume. Ukishamruhusu muuzaji mara moja, yeye ndiye anayevuta, nawe umelala.

Tuseme mama mmoja mwenye duka karibu na stesheni ana kadi ya Visa ya akaunti ya dola. Tarehe 14 Januari anajiunga na huduma ya filamu ya dola 10 kwa mwezi. Siku hiyo anaandika tarakimu tatu za nyuma ya kadi na kukubali masharti. Hiyo ndiyo idhini. Tarakimu hizo muuzaji haruhusiwi kuzihifadhi baada ya malipo kupita, wala hazihitaji tena: kila tarehe 14 anatuma ombi linalorejea muamala ule wa kwanza.

Machi mama anachoka, anahamisha dola zote na kuacha kadi tupu. Kosa liko hapa. Benki inajibu kwa msimbo 51, salio halitoshi, na kwa muuzaji maana yake ni "jaribu baadaye". Kanuni za Visa zinamruhusu kurudia hadi mara 15 ndani ya siku 30. Mama akiweka dola 50 za kulipia mzigo, 10 zinaondoka. Kubadili kadi nako si dawa ya uhakika, kwani kuna mfumo wa kuwapelekea wauzaji namba mpya pale benki yako na ya muuzaji zote mbili zilipojiunga nao.

Idhini hufutwa pale ilipotolewa. Mama aingie kwenye akaunti yake ya huduma, afute, kisha apige picha ya skrini yenye tarehe. Kufuta programu kwenye simu hakuhesabiki; nimeona watu wengi wakidhani kunatosha.

Tuseme amefuta tarehe 2 Mei, na tarehe 14 pesa ikatoka tena. Sasa aende benki na maombi mawili tofauti. La kwanza ni kuzuia muuzaji huyo peke yake. Benki yenye huduma hiyo itajibu kwa msimbo R1, idhini imeondolewa, na muuzaji hatakiwi kurudia. La pili ni kudai dola 10 zilizokwisha kutoka, chini ya sababu 13.2, malipo ya kujirudia yaliyofutwa. Visa inatoa siku 120 tangu muamala uliposhughulikiwa, ila benki inaweza kuweka muda mfupi zaidi, basi asikawie.

Karani atauliza ulifuta lini na kwa njia gani. Akikupa fomu ya wizi wa kadi, ikatae kwa upole. Muamala wa Januari ulikuwa wako kweli, na muuzaji akiuonyesha, dai linaweza kuanguka.