Volteji ya pembeni: jinsi sumaku inavyofichua kinachobeba umeme ndani ya silikoni

Mtu akiwekewa mezani vipande viwili vya silikoni, kimoja kimetiwa chembe za fosforasi na kingine chembe za boroni, hawezi kuvitofautisha kwa macho. Vyote viwili vina rangi ya kijivu yenye kung'aa, vyote hupitisha umeme, na hata ukinzani wao ukipimwa huenda ukalingana. Hata hivyo, ndani yake ni vitu viwili tofauti kabisa. Katika kile chenye fosforasi, umeme hubebwa na elektroni, ambazo chaji yake ni hasi. Katika kile chenye boroni, umeme hubebwa na matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, ambazo huenda kana kwamba ni chembe zenye chaji chanya. Wataalamu huita kile cha kwanza aina ya N, na cha pili aina ya P.

Taa ndogo za kisasa, betri za jua na transista hutengenezwa kwa kukutanisha aina hizi mbili. Mtengenezaji akikosea kuitambua aina, kifaa chake hakitafanya kazi. Swali basi ni hili, msikilizaji: chembe zisizoonekana zitaulizwaje chaji yao ni ipi?

Njia ya kuziuliza ilipatikana Oktoba mwaka 1879 mjini Baltimore, Marekani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Edwin Hall, alikuwa amesoma katika kitabu cha James Clerk Maxwell kwamba nguvu ya sumaku huusukuma waya unaopitisha umeme, wala si mkondo wenyewe ulio ndani yake. Hall hakuridhika. Alichukua jani la dhahabu, jembamba mno, akalibandika juu ya kioo, akapitisha mkondo kwa urefu wake na kuliweka kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Kipimo chake kilionyesha volteji ndogo, si kwa urefu wa jani bali kwa upana wake. Sumaku ilikuwa imeusukuma mkondo wenyewe pembeni. Wakati huo elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa. Ilitambuliwa mwaka 1897.

Ili kuelewa jambo hili, msikilizaji na afikirie kipande cha silikoni kimelala juu ya meza mbele yake. Mkondo wa umeme unaingia upande wa kushoto na kutokea kulia. Uga wa sumaku unatoka chini ya meza na kuelekea dari. Kwa mpangilio huo, sumaku huzisukuma chembe zinazobeba mkondo kuelekea ukingo ulio karibu na kifua cha mtazamaji.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba chembe husukumwa kwenye ukingo huo huo, ziwe hasi au chanya. Matundu huenda kulia pamoja na mkondo. Elektroni huenda kushoto, kinyume cha mkondo. Lakini kwa kuwa mwendo wake ni kinyume na chaji yake pia ni kinyume, vinyume hivyo viwili hufutana. Zote huishia kurundikana upande mmoja. Basi ukingo wa karibu ukiwa hasi, waliorundikana pale ni elektroni. Ukiwa chanya, ni matundu. Alama ya volteji ya pembeni ndiyo jibu la swali. Volteji hiyo leo inaitwa volteji ya Hall.

Jambo hili ni rahisi kulieleza. Katika kulipima, hata hivyo, mna mtego, na mtego huo huonekana vizuri zaidi kwa mfano wenye tarakimu.

Chukua kipande cha silikoni chenye upana wa milimita 4 na unene wa nusu milimita. Kimetiwa fosforasi kwa kiasi cha kawaida, lakini tuseme mpimaji hajaambiwa. Anapitisha mkondo wa miliampia 1. Anashikiza waya mbili kwenye ukingo, zikiwa zimepishana kwa milimita 6 kwa urefu wa kipande, na kati yake anasoma milivolti 138. Kwa hiyo kila milimita moja ya urefu hupoteza milivolti 23. Kisha anaweka waya mbili za kupima pembeni: waya mwekundu wa voltimita kwenye ukingo wa karibu, na mweusi kwenye ukingo wa mbali. Anawasha sumaku yenye uga wa nusu tesla, ukielekea juu. Voltimita inasoma milivolti 5.3, chanya.

Mpimaji mwenye haraka ataandika: ukingo wa karibu ni chanya, basi hii ni aina ya P. Naye atakuwa amekosea.

Kosa liko kwenye waya zake. Waya mwekundu na mweusi zilipaswa kutazamana sawasawa, lakini mwekundu umekaa nusu milimita kushoto zaidi, karibu na pale mkondo unapoingia. Nusu milimita hiyo pekee huleta milivolti 11.5 za volteji ya kawaida ya urefu, ambazo hazihusiani na sumaku hata kidogo. Volteji halisi ya Hall imefunikwa humo, kama sauti ya mtoto ndani ya kelele za soko.

Dawa yake ni kuigeuza sumaku. Mpimaji anaelekeza uga chini badala ya juu, bila kugusa kitu kingine chochote, na sasa voltimita inasoma milivolti 17.7. Ile sehemu inayotokana na waya kupishana haijali sumaku, hivyo haikubadilika. Sehemu ya Hall imegeuka alama. Anachukua kipimo cha kwanza, anatoa cha pili, kisha anagawanya tofauti kwa mbili. Anapata milivolti 6.2, hasi. Ukingo wa karibu ni hasi: ni elektroni, aina ya N. Akijumlisha vipimo viwili na kugawanya kwa mbili, anapata zile milivolti 11.5, na hivyo anajua hata kosa la waya zake lilikuwa na ukubwa gani.

Mpimaji mwangalifu hugeuza pia mwelekeo wa mkondo, kwani ncha moja ya kipande ikiwa na joto kuliko nyingine huzaliwa volteji ndogo ya joto ambayo haigeuki pamoja na mkondo. Tena hukifunika kipande kisipate mwanga, kwa sababu mwanga huzalisha elektroni na matundu mapya ndani ya silikoni. Na kabla ya yote hukagua viungo vya waya: mkondo ukizidishwa mara mbili, volteji nayo sharti izidi mara mbili. Isipofanya hivyo, kiungo chenyewe ni kizuizi.

Kutoka kwenye zile milivolti 6.2 hupatikana mambo mengine mawili. La kwanza ni idadi ya elektroni. Chembe zikiwa chache, kila moja hulazimika kwenda kasi zaidi ili kubeba mkondo ule ule, na sumaku huisukuma kwa nguvu zaidi. Hivyo volteji ndogo ni dalili ya chembe nyingi. Hesabu ya kipande hiki inatoa elektroni zipatazo milioni bilioni moja katika kila sentimita moja ya ujazo. Hapa unene wa kipande lazima ujulikane, na asiyeupima vizuri atakosea idadi kwa kiasi kile kile alichokosea unene.

La pili ni wepesi wa mwendo, yaani kasi ambayo chembe huipata kwa kila kipimo cha msukumo wa umeme. Hili halihitaji unene. Volteji ya Hall ikigawanywa kwa upana wa milimita 4 ni milivolti 1.55 kwa kila milimita. Kwa urefu zilikuwa 23. Uwiano wa hizo mbili ni takriban 0.067, ukigawanywa kwa nusu tesla unapata 0.135, au kama vitabu vinavyoandika, sentimita za mraba 1,350 kwa volti kwa sekunde. Hiyo ni tarakimu inayotarajiwa kwa elektroni katika silikoni safi yenye fosforasi kidogo. Kama ingekuwa 300, mpimaji angejua kwamba fuwele lina kasoro, au limetiwa chembe za kigeni nyingi mno, na elektroni zinajikwaa njiani.

Silikoni, hata hivyo, ni mpole kwa mpimaji. Ziko nusu-kipitishi ambazo chembe zake ni nzito wa mwendo, na humo ndimo mtego unapouma. Mfano ni galiamu naitraidi, inayotoa mwanga wa buluu. Kwa miaka mingi watafiti walishindwa kuipata katika aina ya P, hadi mwaka 1989, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na wenzao wa Nagoya, Japani, walipofaulu. Akasaki na Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa taa ya buluu.

Katika kitu chenye wepesi wa 10 tu badala ya 1,350, na sumaku ile ile ya nusu tesla, volteji ya Hall kwa kila milimita ni sehemu moja kati ya 2,000 ya ile ya urefu. Katika kipande chenye upana wa milimita 4, waya zikipishana kwa maikromita 2 tu, mara nyingi chini ya unene wa unywele, kosa limekwisha kulingana na ukweli. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuzipanga waya kwa usahihi huo. Kinachobaki ni kuigeuza sumaku mara nyingi na kuchukua wastani.

Na liko kosa ambalo hata kugeuza sumaku hakuliondoi. Katika miaka ya 2000 zilitolewa taarifa kadhaa kwamba zinki oksaidi imepatikana katika aina ya P, na wengi walizitilia shaka. Mwaka 2008 Oliver Bierwagen na wenzake walionyesha jinsi kipande cha aina ya N kinavyoweza kutoa alama ya P. Hutokea pale elektroni zisipoenea sawasawa ndani ya kipande, hapa nyingi, pale chache, na waya zikiwa zimeshikizwa ndani badala ya kwenye pembe. Mkondo hupinda kuzifuata sehemu zenye elektroni nyingi, na volteji ikageuka alama. Tiba ni kuzipeleka waya pembeni kabisa, na kukata kipande vipande vidogo ili kila kimoja kipimwe peke yake. Vyote vikitoa alama moja, shaka hupungua. Vikitofautiana, mpimaji hana aina ya kutangaza. Ana kipande kisicho sare, na arudi kwanza kwa aliyekitengeneza.